Umedisko Marekani: namna ya kuandika rufaa yenye mpango unaoaminika

Nyumbani tungesema umedisko. Huku Marekani barua haitumii neno hilo, lakini maana ni ile ile: wastani wako, yaani GPA, umeshuka chini ya 2.0 katika kipimo cha 4.0, uliwekwa chini ya uangalizi semesta iliyopita, hukupanda, na sasa chuo kimekuondoa. Barua pepe yenyewe mara nyingi huja baina ya Krismasi na mwaka mpya, ofisi zikiwa zimefungwa, na chini kabisa ina sentensi inayosema unaweza kukata rufaa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana wetu kuandaa rufaa hizi, Watanzania, Wakenya na Wakongomani. Nyingi zinazokataliwa zina kilio kingi na mpango mchache. Mwongozo huu nitaupitisha katika habari za binti mmoja wa Morogoro, mwenye kadi ya kijani, aliyekuwa akisomea masomo ya kuingilia uuguzi. Mambo yake madogo madogo nimeyabadilisha asitambulike.

Kwanza, isome barua kama mkataba

Tafuta mambo matatu. La kwanza ni jina la adhabu. Kuna kusimamishwa kwa muda, labda semesta moja au mwaka, na kuna kuondolewa moja kwa moja. Rufaa zake zinaweza kwenda kwa watu tofauti na kwa fomu tofauti. La pili ni siku na saa ya mwisho. La tatu ni kitu gani hasa kinatakiwa: barua peke yake, au barua na fomu, na vielelezo, na saini ya mshauri wa masomo.

Kwenye saa ndipo watu wetu wanapoumia. Kama chuo chako kiko katika majimbo ya kati na barua inasema mwisho ni 5:00 PM tarehe 5 Januari, hiyo ni saa kumi na moja jioni ya kule. Ukiwa likizo Dar es Salaam, kwako ni saa nane usiku wa kuamkia tarehe 6. Binti wa Morogoro hakuwa na shida hiyo kwa sababu hakuwa na nauli ya kwenda likizo, lakini nimewahi kumpokea kijana aliyekosa dirisha kwa kuhesabu vibaya. Kamati haikufungua hata faili lake.

Siku hiyo hiyo mwandikie mshauri wako wa masomo, hata kama ofisi imefungwa, na uulize kama rufaa inasomwa kwa karatasi tu au utaitwa mbele ya kamati. Na wazazi wasipige simu. Sheria ya FERPA ya 1974 inazuia chuo kumweleza mzazi habari za alama za mwanafunzi wa chuo kikuu bila kibali chake, isipokuwa kwa sababu chache. Mama akipiga simu kutoka Mwanza akilia, atakachoambulia ni kuambiwa kwa adabu kwamba hawawezi kuzungumza naye.

Piga hesabu ya deni kabla ya kuandika neno lolote

Watu wengi wanaanza na barua. Mimi huanza na transkripti na kalamu, kwa sababu mpango wote unasimama juu ya hesabu moja ndogo.

Kila krediti ya alama A ina pointi 4, B ina 3, C ina 2, D ina 1, F haina kitu. GPA ni jumla ya pointi kugawanywa kwa jumla ya krediti. Binti alikuwa na semesta tatu za krediti 14 kila moja, jumla 42. Semesta ya kwanza alipata pointi 34, ya pili 21, ya tatu 16. Jumla ni 71. Ukigawanya kwa 42 unapata 1.69.

Sasa badala ya kuhangaika na desimali, uliza: angekuwa na pointi ngapi kama angekuwa na 2.0 kamili? Krediti 42 mara 2 ni 84. Yeye ana 71. Anadaiwa pointi 13. Deni ni rahisi kulishika kichwani kuliko wastani. Kila krediti ya C atakayosoma haipunguzi deni wala haiongezi. Kila krediti ya B inalipa pointi moja, kila krediti ya A inalipa mbili. Kila krediti ya D inaongeza deni kwa moja.

Rasimu yake ya kwanza iliahidi kwamba semesta ijayo atapata A katika kila somo. Kamati inaona kwenye transkripti kwamba hajawahi kupata A hata moja tangu aje. Ahadi ya namna hiyo inawaambia kuwa hujakaa ukapiga hesabu, na basi.

Lakini kuna mlango ambao wengi hawaujui. Vyuo vingi vina kanuni ya kurudia somo ambapo alama mpya hufuta ya zamani katika hesabu ya GPA. Kemia aliipata F, krediti 4. Somo hilo peke yake lilikuwa limemtia deni la pointi 8. Akilirudia na kupata C tu, deni hilo la 8 linafutika. Takwimu alipata D katika krediti 3; akirudia na kupata C, deni la 3 linafutika. Kwa C mbili ambazo ziko ndani ya uwezo wake, amelipa 11 kati ya 13. Zinazobaki mbili anazipata kwenye masomo mapya: krediti 5 za lishe na kompyuta, akipata B, zinalipa 5.

Kwa hiyo mpango wake ulikuwa krediti 12: kemia 4, takwimu 3, lishe 3, kompyuta 2. Alama zinazotarajiwa ni C, C, B, B. Krediti zinazohesabiwa zinakuwa 42, kutoa 7 zilizofutwa, kuongeza 12, yaani 47. Pointi ni 71, kutoa 3 za ile D ya takwimu, kuongeza 29, yaani 97. Gawanya: 2.06. Mtu aliyeko 1.69 anafika 2.06 kwa semesta moja bila kupata A hata moja. Hesabu hii niliiona ikibadilisha uso wa yule binti kuliko maneno yoyote ya kumtia moyo, maana aliingia ofisini akiamini kwamba atahitaji miaka miwili.

Kabla hujaiandika, soma kanuni ya chuo chako neno kwa neno. Vingine havifuti, vinahesabu alama zote mbili. Kwa kanuni hiyo, binti yule yule, na alama zile zile, angekuwa na krediti 54 na pointi 100, yaani 1.85, bado yuko chini. Hapo mpango lazima useme wazi kuwa kupanda kutachukua semesta mbili au tatu, na uombe kupimwa kwa wastani wa kila semesta. Kamati nyingi zinakubali utaratibu huo: unarudi kwa masharti, na kila semesta unatakiwa upate kiwango fulani mpaka jumla ifike 2.0. Vyuo vingine vinaweka kikomo cha masomo unayoweza kuyafuta, au vinataka ujaze fomu mapema semesta ikiwa imeanza, usipojaza hakifutiki kitu. Tena kufutwa ni kwa hesabu ya GPA tu. F ya zamani inabaki ikionekana kwenye transkripti, na shule za uuguzi nyingi huhesabu majaribio yote.

Tafuta sababu halisi, na tarehe zake zilingane na alama

Hapa ndipo penye kazi, na hapa sitakimbia.

Barua ya kwanza ya binti ilianza hivi, naiweka kwa Kiswahili ingawa aliiandika kwa Kiingereza: "Kwa heshima na taadhima naiomba kamati tukufu initazame kwa jicho la huruma. Mwezi wa tisa baba yangu mzazi aliugua figo na nikapoteza mwelekeo. Kwa uwezo wa Mungu nitabadilika na kufanya bidii zaidi."

Nikamwambia, "Mdogo wangu, pole sana na mzee. Lakini niambie: semesta ya pili ulipata pointi 21 katika krediti 14. Hiyo ni 1.5. Ilikuwa Januari mpaka Mei. Baba aliugua Septemba. Ile ya Januari ilisababishwa na nini?"

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Kaka, Januari ndipo nilipoanza shifti za usiku."

Alikuwa anafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya kulea wazee, saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi. Januari alianza na usiku mbili kwa wiki. Septemba, baba alipoanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akaongeza zikawa tano ili atume pesa. Kemia ilikuwa saa mbili asubuhi. Anatoka kazini saa moja, anapanda basi, anaingia darasani na sare, analala kwenye kiti cha nyuma. Mambo hayo yote hayakuwemo kwenye barua. Aliona aibu kueleza kwamba anafanya kazi ya kuwaogesha wazee, na aliona kuanika umaskini wa nyumbani ni kuvunja heshima ya mzee.

Naielewa aibu hiyo, sisi tumelelewa kwamba mambo ya ndani hayaanikwi. Ila wajumbe wa kamati wana transkripti mbele yao, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuilinganisha na hadithi yako. Hadithi ikianza Septemba wakati alama zilianguka Januari, wanaona pengo, na pengo hilo wanalijaza wenyewe kwa kudhani wanavyotaka.

Chora mstari wa wakati kwenye karatasi. Upande mmoja miezi, katikati matukio ya maisha, upande wa pili alama. Kila anguko lipate tukio lake. Lisilo na tukio, sema ukweli: nilichagua masomo mazito mno, sikujua namna ya kusoma kwa mtihani wa kuchagua majibu, nilikuwa nacheza. Nimeona rufaa ikikubaliwa kwa mtu aliyekiri kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anashinda kwenye michezo ya kompyuta, kwa sababu aliyoeleza baadaye yalilingana na hilo.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulikwepa: semesta ya uangalizi. Ulipoonywa mara ya kwanza, chuo kilikupa masharti. Binti alitia saini kwamba atamwona mshauri mara tatu. Alikwenda mara moja. Hilo limo kwenye faili, kwa hiyo liweke wewe kwanza kabla hujaulizwa.

Tukaiandika upya. Aya yake ya pili ikawa hivi:

"Januari nilianza kufanya kazi usiku mbili kwa wiki, na wastani wa semesta hiyo ukashuka hadi 1.5. Septemba baba yangu alianza kusafishwa damu na nikaongeza kazi hadi usiku tano. Nilikosa vipindi 11 vya kemia. Katika mtihani wa kwanza, wiki ya tano, nilipata 38 kwa 100. Nilijua siku hiyo kwamba siwezi kufaulu somo hilo nikiendelea na shifti zile. Sikwenda kumwona mwalimu, sikuacha somo kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa, na nilimwona mshauri mara moja badala ya tatu. Niliogopa kwamba nikisema nitaambiwa niache kazi. Maamuzi hayo yalikuwa yangu."

Isome tena uone kwamba hakuna ombi la huruma ndani yake, na bado huruma inakuja yenyewe.

Onyo kwa wenye visa ya F-1

Binti alikuwa na kadi ya kijani, kazi yake ilikuwa halali. Kama wewe uko kwa visa ya mwanafunzi ya F-1, unaruhusiwa kufanya kazi chuoni tu, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo mpaka upate kibali maalumu. Ukiandika kwenye rufaa kwamba ulikuwa unafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee bila kibali, umekiri kwa maandishi na saini kwamba ulivunja masharti ya visa. Sikuambii udanganye. Nakuambia kabla ya kuandika sentensi hiyo kaa na mwanasheria wa uhamiaji; vyuo vikubwa vingi vina ofisi ya sheria inayowahudumia wanafunzi bure au kwa bei ndogo.

Nenda pia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa siku ile ile uliyopata barua. Usipoandikishwa masomo kamili, kwa kawaida krediti 12, rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, itafungwa. Waulize rufaa ikichelewa kuamuliwa semesta ikiwa imeshaanza inakuwaje, na kama ikishindikana, rekodi inaweza kuhamishiwa chuo kingine kabla haijafungwa. Baada ya kufungwa, kurejeshewa hadhi ni safari ndefu na ya gharama.

Mpango uanze kabla ya barua kutumwa

Kitu kinachofanya mpango uaminike ni kwamba sehemu yake imeshafanyika. "Nitapunguza kazi" ni nia. "Nimepunguza kazi, na hii hapa barua ya meneja" ni jambo lililotokea. Kama una siku kumi kabla ya tarehe ya mwisho, siku tano zitumie kubadilisha maisha na tano kuandika.

Binti alianza na saa. Wiki ina saa 168. Semesta iliyomwangusha alikuwa na saa 14 darasani, saa 40 kazini, na kama angesoma inavyotakiwa, saa mbili za kusoma kwa kila moja ya darasani, angehitaji saa 28 nyingine. Hizo ni 82, na analala mchana. Mpango mpya: saa 12 darasani, kujisomea 28, kazi 16 za mchana Jumamosi na Jumapili. Jumla 56. Alikwenda kwa meneja wake kabla ya mwaka mpya akaomba abadilishiwe. Meneja akamwandikia barua ya mistari minne yenye tarehe, saa mpya na namba ya simu. Karatasi hiyo ndogo ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote.

Lakini ukipunguza saa 24 za kazi, kodi ya nyumba italipwa na nani? Hili swali kamati italiuliza, na mpango mwingi unafia hapo. Alikuwa analipwa dola 17 kwa saa, kwa hiyo anapoteza dola 408 kwa wiki kabla ya makato. Kwanza alihama chumba alichopanga akaenda kukaa kwa shangazi yake, umbali wa dakika 40 kwa basi, bila kulipa kodi. Pili, ukoo ulifanya kikao kwa simu. Kaka yake mkubwa na binamu wawili wakagawana gharama za mzee, na fungu lake yeye likapungua mpaka theluthi. Shangazi aliandika barua fupi kuthibitisha makazi. Mgawanyo wa ukoo aliueleza mwenyewe kwa sentensi mbili.

Upande wa masomo, alichagua vitu vichache. Nimeona mipango yenye mambo kumi na tano: tuisheni kila siku, kundi la kusoma, programu ya simu, kuamka saa kumi alfajiri, mazoezi ya viungo. Hakuna anayeamini kwamba mtu aliyeshindwa kwenda kwa mshauri mara tatu ataweza yote hayo. Yeye aliandika matatu tu. Kemia achukue darasa la saa nane mchana. Kila Jumanne na Alhamisi saa tisa na nusu aende kituo cha mafunzo ya ziada cha kemia, ambacho alikuwa ameshajiandikisha. Na aonane na mshauri wiki ya 3, ya 6 na ya 9, tarehe zikiwa zimeshapangwa kwenye kalenda.

Wiki hizo hazikuchaguliwa ovyo. Ya 6 inakuja baada ya mtihani wa kwanza wa kila somo. Ya 9 inakuja kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa kwenye somo kwa kupata W, ambayo katika chuo chake ilikuwa mwisho wa wiki ya 10. W haigusi GPA. Kwa hiyo mpango ulikuwa na sentensi hii: "Nikiwa chini ya 65 katika kemia wiki ya 9, nitaamua pamoja na mshauri kama nijiondoe." Mpango unaosema utafanya nini ukianza kushindwa unaaminika kuliko unaodai hakutakuwa na kushindwa. Wenye F-1 wasijiondoe bila ruhusa ya ofisi ya kimataifa, maana watashuka chini ya krediti 12.

Vielelezo

Kila dai kubwa liwe na karatasi moja. Binti aliambatanisha ratiba za kazi za Septemba hadi Novemba, barua ya hospitali, barua ya meneja, barua ya shangazi, na uthibitisho wa kituo cha kemia. Risiti za kutuma pesa alikuwa nazo nyingi. Tulichagua tatu, moja kwa kila mwezi. Karatasi yoyote ya Kiswahili, hata ujumbe wa M-Pesa kutoka kwa ndugu, iwe na tafsiri na maelezo ya mfasiri yenye saini kwamba imetafsiriwa kwa usahihi. Asiwe mwombaji mwenyewe.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Jedwali la hesabu ya GPA liwe ukurasa wake peke yake, nyuma.

Kama unapata msaada wa fedha wa serikali kuu, na hili linawahusu ndugu zetu wakimbizi na wenye kadi ya kijani, fahamu kwamba kuna rufaa ya pili katika ofisi ya misaada ya fedha, inayoitwa rufaa ya SAP, yaani kiwango cha maendeleo ya masomo unachotakiwa kukifikia ili uendelee kupata msaada. Wao wanataka mambo mawili: kwa nini hukufikia kiwango, na nini kimebadilika. Barua ile ile inaweza kurekebishwa. Kushinda moja hakukupi nyingine, na nimeona mtu karudishwa chuoni akashindwa kulipa ada kwa kusahau ya pili.

Ukiitwa mbele ya kamati

Ni dakika kumi au kumi na tano, watu watatu hadi sita, wengi walimu. Usisome barua yako, wameshaisoma. Tulifanya mazoezi kwa maswali, na niliyokazia ni moja, na kweli wakaliuliza: "Hali ya baba yako ikizidi mwezi wa tatu, utafanya nini?"

Mazoezini jibu lake la kwanza lilikuwa, "Namwomba Mungu isitokee." Siku ya kamati akasema: "Sitaongeza shifti. Kaka yangu ndiye anayesimamia mambo ya hospitali sasa. Nikilazimika kusafiri, nitawaandikia walimu na mshauri kabla ya kuondoka, na nitaomba kujiondoa kwa utaratibu badala ya kupotea kama mara ya mwisho." Mjumbe mmoja akaandika kitu. Wengine hawakuuliza tena.

Walimrudisha kwa masharti: krediti zisizozidi 12, wastani wa semesta usiwe chini ya 2.0, na karatasi ya maendeleo isainiwe na walimu wiki ya 6.

Wakikataa

Uliza kwa maandishi sababu, na kama kuna ngazi ya juu. Ngazi ya juu kwa kawaida inaangalia kama utaratibu ulikosewa au kama kuna ushahidi mpya. Haisomi upya huruma. Njia nyingine ni chuo cha jamii, kile cha miaka miwili: soma pale krediti 12 au zaidi kwa C na B, kisha omba kurudi baada ya muda uliotajwa kwenye barua. Chuo kipya kikiuliza umesoma wapi, taja chuo cha kwanza na upeleke transkripti yake. Vijana huficha, kisha rekodi inaonekana, na sasa kosa si alama tena, ni udanganyifu.

Mei binti alinitumia picha ya skrini. Kemia C, takwimu C, lishe B. Kompyuta, ambayo wote tuliidharau, C. Pointi 95 kwa krediti 47, yaani 2.02, pointi moja tu juu ya mstari. Chini yake aliandika: "Shikamoo kaka. Ile kompyuta ilikuwa iniue." Mzee alikuwa bado anasafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa.